Bodaboda anayeonekana ziwani: namna ya kujaribu programu ya kupeleka mizigo

Swali: Habari ya kazi, kaka. Tuko watatu hapa Kigoma Mjini, tumetengeneza programu ya Android ya kupeleka vyakula na vifurushi kwa bodaboda. Ofisini kila kitu kinakwenda sawa. Tukiingia barabarani, mteja anamwona dereva yuko ziwani wakati yuko Mwanga, au anapata ujumbe kwamba dereva amefika wakati bado. Wapo madereva waliokataa kuruhusu mahali, na wateja vilevile. Kwao programu inaganda tu. Tujaribu vipi haya mambo kabla ya kuwapa watu wengi? Hela ya kununua simu nyingi hatuna.

Jibu: Ndugu yangu, simu iliyolala mezani ofisini ina Wi-Fi, haisogei, betri imejaa, na mwenyewe ndiye aliyekubali kila ruhusa. Jaribio la namna hiyo linajibu jambo moja tu: je, nukta inatokea kwenye ramani? Hilo ndilo jepesi kuliko yote. Malalamiko uliyoniandikia hayahusu nukta kutokea. Yanahusu uamuzi ambao programu yenu inaufanya baada ya kupata nukta mbovu, nukta ya zamani, au kukosa nukta kabisa. Kwa hiyo majaribio yenu yalenge uamuzi, nami nitakueleza jinsi ya kuyapanga kwa simu mbili na kompyuta moja.

Kwanza tuelewane kuhusu nukta yenyewe. Android inapokupa mahali, haikupi latitudo na longitudo peke yake. Inakupa pia duara, yaani namba ya mita za nusu kipenyo chake unayoisoma kwa `getAccuracy()`, pamoja na wakati nukta ilipopatikana. Namba ya duara ikiwa kubwa, nukta ni mbovu zaidi. Nimeshaona programu zilizoisoma kinyume. Maana yake kamili ni hii: uwezekano wa simu kuwa kweli ndani ya duara hilo ni asilimia 68. Simu ikisema mita 10, basi karibu mara moja katika kila mara tatu iko nje ya hizo mita 10, na hapo hakuna kilichoharibika. Watengenezaji wengi huichukua namba hiyo kama ahadi, kisha wanashangaa mambo yanapokwenda kombo.

Mahali peupe, simu ya kawaida yenye GPS hukosea kwa mita kama 5 hivi. Dereva akipita chini ya miembe ya Ujiji, au kwenye vichochoro ambako kuta ziko karibu na mabati yanarudisha mawimbi, kosa linapanda. Simu ikishindwa kuziona setilaiti vizuri, kwa mfano imefungiwa ndani ya boksi la mzigo au ndiyo kwanza imewashwa, huwa inakisia kwa Wi-Fi na minara ya simu. Hapo duara linaweza kufika mamia ya mita, na hata kupita kilomita. Makisio ya mnara hayajui ziwa liko wapi. Yanachora duara kubwa na kuweka nukta katikati, na mji wenu uko ufukweni, kwa hiyo sehemu kubwa ya duara kama hilo inaweza kuwa maji. Dereva wenu wa ziwani ametokea hivyo. Simu ilisema kwamba haina uhakika, lakini programu ilichukua katikati ya duara na kuitupa kwenye ramani bila kumwonyesha mteja duara lenyewe.

Tuchukue mfano wa namba nilizozitunga ili hesabu iwe rahisi. Dereva anatoka upande wa Mwanga kuelekea Ujiji, na simu inatoa nukta kila sekunde 10:

```
sekunde,lat,lon,duara_m
0,-4.88640,29.64210,8
10,-4.88700,29.64275,11
20,-4.88115,29.63640,850
30,-4.88835,29.64400,9
```

Kwenye latitudo ya Kigoma, nyuzi 0.001 ni kama mita 111, iwe kaskazini na kusini au mashariki na magharibi, kwa sababu hamko mbali na ikweta. Kati ya nukta ya kwanza na ya pili dereva amekwenda mita kama 98 kwa sekunde 10. Hiyo ni kilomita 35 kwa saa, mwendo wa bodaboda kabisa. Kati ya ya pili na ya tatu ameruka takriban mita 955 kwa sekunde 10. Hiyo ni zaidi ya kilomita 340 kwa saa, tena kurudi alikotoka. Sasa ifute ile ya tatu upime kutoka ya pili mpaka ya nne: mita 204 kwa sekunde 20, kilomita 37 kwa saa. Safari haijawahi kukatika. Nukta moja yenye duara la mita 850 ndiyo iliyomrusha dereva kwenda na kurudi mbele ya macho ya mteja.

Dawa inayokuja haraka akilini ni kutupa kila nukta yenye duara linalozidi, tuseme, mita 50. Ni mwanzo mzuri, lakini ijaribuni vizuri, kwa maana ina madhara yake. Kuna dereva ambaye simu yake ya bei nafuu itatoa nukta za mita 60 au 80 muda mrefu, hasa mfukoni. Mkizitupa zote, ataganda kwenye ramani dakika tano, na mteja atadhani amesimama kunywa chai. Kwa hiyo jaribio linatakiwa liwe na sehemu mbili. La kwanza: nukta ya mita 850 isimsogeze dereva. La pili: zikipita sekunde 60 bila nukta nzuri, mteja aambiwe wazi kwamba dereva alionekana mara ya mwisho muda fulani uliopita, na alama yake ibadilike rangi. Nukta mbovu iliyofichwa bila kumwambia mteja ni hitilafu, kama ilivyo nukta mbovu iliyoonyeshwa.

Na tafadhali msiandike sheria kwamba nukta ikiangukia majini ni ya uongo. Najua inashawishi, hasa mkiwa na ziwa upande mmoja. Lakini mtakuwa na mizigo ya kuchukua mwaloni Kibirizi, ambako boti zinatia nanga na mnunuzi amesimama hatua chache kutoka kwenye maji. Nukta nzuri ya mita 12 pale inaweza kuangukia upande wa ziwa, na ramani nyingi huchora mstari wa ufuko kwa kukadiria. Kipimo kiwe duara na mwendo. Ziwa liacheni.

Namba kama zile nne ziandikeni kwenye faili, kisha jengeni programu yenu kiasi kwamba sehemu inayoamua inaweza kulishwa nukta kutoka kwenye faili badala ya kwenye simu. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko mengine yote niliyoyaandika humu. Msafirini mara moja kweli, mmoja wenu akae nyuma ya pikipiki kama abiria, programu irekodi kila nukta ikiwa na latitudo, longitudo, duara, wakati, na mwendo. Safari hiyo moja mtaicheza tena ofisini mara mnazotaka, bila mafuta wala kumsumbua dereva. Kisha mnaiharibu kwa makusudi: mnafuta nukta za dakika mbili, mnazirudia nyingine, mnabadilisha mpangilio, mnaweka duara la mita 1,200 katikati ya safari. Kila mteja akileta malalamiko mapya, rekodi ya safari yake inakuwa jaribio jipya la kudumu.

Simu ya kuigiza inayokaa ndani ya kompyuta ina nafasi yake pia. Unaweza kuipa mahali kwa amri moja:

```
adb emu geo fix 29.6333 -4.8833
```

Angalia mpangilio: longitudo ndiyo inatangulia, tofauti na tulivyozoea kusoma kwenye ramani. Ukizigeuza, dereva wako anatua Sahara, karibu na mpaka wa Moroko na Aljeria. Ukisahau alama ya kutoa, anatua Sudan Kusini, jirani na Maridi, maana sisi tuko kusini ya ikweta. Haya si makosa ya amri hii peke yake. Tumeni oda moja yenye latitudo na longitudo zilizogeuzwa, na nyingine isiyo na alama ya kutoa, muone kama seva yenu inazikataa au inapanga dereva na kumtoza mteja nauli ya kilomita elfu moja na zaidi. Kikwazo cha simu ya kuigiza ni kwamba nukta zake ni safi mno. Haina mwembe, haina bati, haina mfuko wa koti. Itumieni kujaribu njia, msiitumie kuthibitisha kwamba GPS inatosha.

Sasa ule ujumbe wa "dereva amefika" unaotoka mapema. Nadhani mmeandika kwamba nukta yoyote ikiingia ndani ya umbali fulani kutoka kwa mteja, ujumbe unatoka. Tuseme umbali huo ni mita 60. Dereva anayepita barabara kuu kwa kilomita 36 kwa saa anakwenda mita 10 kila sekunde, hivyo anavuka mzingo huo, wenye kipenyo cha mita 120, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa sekunde 12. Nukta zikija kila sekunde 10, lazima moja itaangukia ndani, pengine mbili, ingawa yeye anakwenda kwa mteja mwingine mbele zaidi. Ujumbe unatoka, mteja anatoka nje na hela mkononi, hakuna mtu.

Mkidai nukta tatu mfululizo ndani ya mzingo, yaani angalau sekunde 20, anayepita hatawahi kuzitimiza, na aliyesimama atazitimiza bila shida. Ongezeni na upande wa kutoka: akishahesabiwa amefika, asihesabiwe ameondoka mpaka azidi mita 120. La sivyo nukta zinazochezacheza pembeni ya mzingo zitamtumia mteja ujumbe wa kufika mara nne. Mkitumia huduma ya Android yenyewe ya kuweka mzingo, wao wanashauri nusu kipenyo kisipungue mita 100 mpaka 150, kwa hiyo msitegemee iwatofautishie nyumba na nyumba. Majaribio hapa yawe matatu, yote kutoka kwenye faili: dereva anapita bila kusimama, dereva anasimama mita 70 kutoka kwa mteja, na dereva amesimama mlangoni huku nukta zinarukaruka kati ya mita 5 na mita 90. Hilo la katikati litawafanya mbishane, kwa sababu hakuna jibu la hesabu. Ni uamuzi wa biashara, ila ufanyeni nyinyi, usifanywe na programu kwa bahati.

Nije kwenye ruhusa, kwa maana hapa ndipo programu yenu inaganda. Wengi hujaribu hali mbili, amekubali na amekataa. Kwenye simu za leo hali ni nyingi zaidi, na zinazoumiza ni zile za katikati.

Tangu Android 12, mtu anaweza kukubali lakini akachagua mahali pa kukadiria badala ya mahali kamili. Programu yenu ikiuliza tu kama imeruhusiwa, itaambiwa ndiyo, kisha itapokea nukta iliyokosewa kwa makusudi ndani ya eneo la kilomita za mraba kama 3. Eneo hilo likiwa mviringo, nusu kipenyo chake kinakaribia kilomita moja. Kwa mteja wa Mwanga, pini yake inaweza kuangukia mtaa mwingine kabisa, na itaonekana nzuri kwenye ramani kama pini nyingine yoyote. Dereva atafika, atapiga simu, atazunguka, na lawama zitamwendea yeye. Jaribio: chagua mahali pa kukadiria kama mteja, weka oda, uone programu inafanya nini. Inayofaa haiweki pini kimyakimya. Inamfungulia mteja ramani ya eneo hilo, inamwomba asogeze pini mwenyewe, na inampa sehemu ya kuandika alama ya jirani, iwe msikiti, duka, au namba iliyo kwenye kibao cha anwani ya makazi. Watu wa Kigoma wanaelekezana hivyo kila siku, na maneno hayo yanamfikisha dereva vizuri kuliko duara la kilomita. Jambo moja la kiufundi hapo: kwenye Android 12 na kuendelea, ombeni `ACCESS_FINE_LOCATION` na `ACCESS_COARSE_LOCATION` kwa pamoja, kwa sababu ile ya kwanza ikiombwa peke yake, kuna simu ambazo mfumo utalipuuza ombi lenyewe.

Hali ya pili ni kukataa mara mbili. Kuanzia Android 11, mtu akikataa ruhusa ileile mara mbili, mfumo hauonyeshi tena dirisha la kuuliza. Programu inaomba, inajibiwa hapohapo kwamba hapana, na mtumiaji haoni chochote. Ninaamini huko ndiko kuganda kwenu kunakotokea: kitufe kinabonyezwa, duara la kusubiri linazunguka, na programu inangoja dirisha ambalo halitakuja. Mtengenezaji haoni kosa hili kwa sababu kwenye simu yake hajawahi kukataa mara mbili. Ili kurudia jaribio bila kuiondoa programu na kuiweka upya, tumieni amri hizi, mkibadilisha jina la programu:

```
adb shell pm revoke tz.mfano.mizigo \
  android.permission.ACCESS_FINE_LOCATION
adb shell pm clear-permission-flags tz.mfano.mizigo \
  android.permission.ACCESS_FINE_LOCATION user-set user-fixed
```

Rudieni amri zote mbili kwa `ACCESS_COARSE_LOCATION`. Ya kwanza inaondoa ruhusa, ya pili inafuta kumbukumbu kwamba mtumiaji alishakataa, ili dirisha lionekane tena. Mkishafika kwenye hali ya kukataliwa kabisa, programu inapaswa kufanya mambo mawili: kueleza kwa sentensi moja ruhusa inahitajika kwa kazi gani, pamoja na kitufe cha kupeleka kwenye mipangilio, na kuacha njia ya kuendelea bila ruhusa. Mteja aliyekataa bado ana haki ya kuletewa chakula kwa kuandika mtaa na alama ya jirani.

Kwa dereva aliyekataa, mnaweza kuamua kwamba bila mahali hapewi oda mpya. Sawa. Lakini mwenye mzigo mkononi tayari asifungiwe. Mwacheni abonyeze kwamba amefika, na mteja amtajie namba ya siri ya oda. Na msimchukulie aliyekataa kama mkorofi. Wapo wanaoogopa kufuatwa baada ya kazi, na hofu hiyo ni ya haki kama programu yenu inaendelea kurekodi usiku. Lijaribuni hilo pia: dereva akibonyeza kwamba amemaliza kazi, kaeni nusu saa na mtazame seva. Isiingie hata nukta moja.

Hali ya tatu ndiyo hatari kuliko zote na sijaona wengi wakiijaribu: ruhusa kuondolewa katikati ya safari. Dereva ana mzigo, anafungua mipangilio, anaondoa ruhusa au anashusha kutoka mahali kamili kwenda mahali pa kukadiria. Mfumo unaiua programu palepale na kuianzisha upya inapofunguliwa. Kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda kimepotea. Programu ikirudi, je, inajua kwamba kuna oda njiani? Au inamwonyesha dereva skrini ya mwanzo kama mgeni, huku mteja anaona oda imeganda? Endesheni ile amri ya `pm revoke` oda ikiwa njiani. Itaiua programu vilevile, na ndani ya dakika moja mtajua mlipo.

Kuzima kitufe cha mahali cha simu nzima ni jambo jingine, tofauti na ruhusa. Ruhusa ipo, lakini nukta haziji. Ujumbe wenu useme tatizo ni lipi hasa, kwa sababu ukimpeleka mtu kwenye ukurasa wa ruhusa wakati ruhusa iko sawa, atahangaika na kukata tamaa.

Kuhusu dereva anayesogea, jaribio la kwanza ni rahisi mno: zima skrini, weka simu mfukoni, tembea kilomita moja. Tangu Android 8, programu iliyo nyuma ya pazia hupewa mahali mara chache tu kwa saa, isipokuwa iwe na huduma inayoonekana kwenye upau wa arifa, iliyoanzishwa wakati programu iko wazi mbele ya mtumiaji. Mkikosa huduma hiyo, mtaona nukta zinakuja vizuri mpaka skrini inapozimika, halafu kimya, halafu nukta moja ya mbali. Simu ikiwa ya Android 14 na programu yenu imelengwa toleo hilo, huduma hiyo inataka itangazwe kuwa ya aina ya mahali, pamoja na ruhusa ya `FOREGROUND_SERVICE_LOCATION`, la sivyo inaanguka inapoanza. Zaidi ya hapo, simu nyingi za bei nafuu zina mfumo wao wa kubana betri unaoua programu bila kuuliza. Ndiyo maana nasema jaribio hili lifanyike kwenye simu ya aina wanayotumia madereva wenu, nanyi muazime ya dereva kuliko kununua mpya ya kifahari.

La pili ni mtandao kukatika. Njia nzuri ni kuwasha hali ya ndegeni wakati wa safari. Kwa kawaida GPS haizimwi na hali hiyo, data ndiyo inayokatika, kwa hiyo simu inaendelea kukusanya nukta bila kuzituma. Baada ya dakika tatu, zima hali ya ndegeni. Nukta zote zitamwagika kwenye seva kwa mkupuo, na mara nyingine hazifiki kwa mpangilio. Mtazame mteja anaona nini. Kama alama ya dereva inakimbia mbele na kurudi nyuma, seva yenu inapanga nukta kwa wakati zilipofika badala ya wakati zilipopatikana. Na kama dereva alimkuta mteja wakati data imekatika, ule ujumbe wa kufika usitoke baada ya mzigo kukabidhiwa. Kila ujumbe uwe na umri wa mwisho wa kutumwa, na jaribio lithibitishe kwamba ukipita umri huo unatupwa.

Kupima umri wa nukta kwenyewe kuna mtego. Msitegemee saa ya simu, maana kuna watu ambao tarehe zao ziko nyuma mwaka mzima. Kila nukta ya Android ina `getElapsedRealtimeNanos()`, inayohesabu tangu simu iwashwe, na mtumiaji hawezi kuichezea. Badilisheni tarehe ya simu katikati ya safari muone kama umri wa nukta unakuwa hasi. Pia jaribuni asubuhi: dereva alizima mahali akiwa Ujiji jioni, sasa anawasha programu akiwa Gungu. Mkitumia nukta ya mwisho inayojulikana bila kutazama umri wake, atapewa oda ya Ujiji.

Siku ya kwenda barabarani, chukueni simu mbili kwenye pikipiki moja, ya dereva na ya kwenu, zirekodi pamoja. Piteni kutoka stesheni ya reli, mpande Barabara ya Lumumba, Mwanga, mpaka Ujiji kwenye miembe, mrudi. Kabla ya hapo simameni dakika kumi mahali peupe ambapo mnaweza kupaona wazi kwenye picha ya setilaiti, muwe na latitudo na longitudo zake. Hesabuni ni nukta ngapi zilizoangukia umbali kutoka mahali hapo usiozidi duara zilizolitaja. Zikiwa karibu theluthi mbili, simu inasema kweli. Zikiwa chini ya nusu, simu hiyo inajiamini kupita kiasi, na kile kikomo chenu cha mita 50 kisiichukulie neno lake; hapo ukaguzi wa mwendo ndio utakaowaokoa.

Mteja naye husogea, na mara nyingi anasahauliwa. Anaagiza akiwa stendi, dakika kumi baadaye yuko nyumbani. Programu yenu inampeleka dereva wapi? Nimeona zinazoifuata simu ya mteja, na dereva anabadilishiwa safari akiwa njiani, na nauli inabadilika nayo. Maoni yangu ni kwamba pini ya oda ikae pale mteja alipothibitisha. Simu yake ikionekana imekwenda zaidi ya mita 300 kutoka hapo, kwa nukta nzuri na zaidi ya moja, aulizwe kama anataka kupokelea palepale au kwingine. Akijibu kwingine, dereva aone nauli mpya na akubali kabla pini haijasogea. Jaribio lake ni kumweka mteja wa faili atembee mita 250, kisha 350, kisha arudi alikotoka, huku dereva yuko nusu ya njia, na kuhesabu ni maswali mangapi mteja ameulizwa. Yakizidi moja, kikomo chenu bado kinacheza.